Risiti tatu za Mbuyuni: kupunguza matriksi hadi umbo la ngazi na kujua kama jawabu halipo, ni moja, au hayana idadi

Wanafunzi wengi wa Moshi wanaoanza hesabu za chuo wanakuja wakiwa wamezoea kanuni ya Cramer na determinanti. Determinanti isipokuwa sifuri mambo yanakwenda vizuri. Ikiwa sifuri, wanaandika "haina jawabu" na kufunga daftari, na hapo ndipo maksi zinapopotea. Determinanti ya sifuri inasema jambo moja tu: jawabu la pekee halipo. Haisemi kama majawabu hayapo kabisa au yapo yasiyo na idadi, na hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Njia inayoyatenganisha bila kubahatisha ni kuipunguza matriksi hadi umbo la ngazi na kuusoma mstari wa mwisho.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama mwenye mgahawa ananunua mchele, maharage na unga soko la Mbuyuni, kila mara kwa muuzaji yuleyule na kwa bei ileile. Risiti anazopewa zinaonyesha kilo na jumla tu, bei ya kila kilo haikuandikwa. Namba nimezichagua zikae vizuri kwenye hesabu, kwa hiyo usizichukue kuwa bei za leo sokoni. Jumla zote ziko katika maelfu ya shilingi, yaani 13 ni shilingi 13,000.

Risiti ya kwanza: mchele kilo 1, maharage kilo 2, unga kilo 1, jumla 13. Ya pili: mchele 2, maharage 5, unga 3, jumla 32. Ya tatu: mchele 3, maharage 7, unga 5, jumla 47. Bei ya kilo ya mchele tuiite x, ya maharage y, ya unga z.

Kuipanga matriksi

Kila risiti inakuwa mstari mmoja, na kila bidhaa inakuwa safu moja ya kusimama. Baada ya safu ya unga chora kistari, kisha andika jumla upande wa kulia. Hiyo safu ya jumla ndiyo inayoifanya iitwe matriksi iliyoongezwa.

```
M1:  1  2  1 | 13
M2:  2  5  3 | 32
M3:  3  7  5 | 47
```

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kila herufi iko kwenye safu yake. Kama risiti moja haina maharage, nafasi yake inaandikwa 0, haiachwi wazi. Na kama mlinganyo umeletwa kwako umevurugika, mfano 2x + 5y = 32 − 3z, urudishe z upande wa kushoto kwanza. Kosa la hapa hatua za kupunguza hazitakuonyesha, maana hesabu zote zitakazofuata zitakuwa sahihi kwa maswali ambayo hukuulizwa.

Kupunguza

Unaruhusiwa kufanya mambo matatu tu: kubadilishana nafasi kwa mistari miwili, kuzidisha mstari mzima kwa namba isiyo sifuri, na kuongeza au kutoa kigawe cha mstari mmoja kwenye mstari mwingine. Matatu haya yameruhusiwa kwa sababu kila moja linaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo halipotezi jawabu wala haliongezi jipya. Sababu hiyo iweke akilini. Tutaihitaji tutakapofika kwenye herufi.

Tunaanza juu kushoto. Namba ya kwanza isiyo sifuri kwenye mstari tutaiita kiongozi wa mstari huo. Kiongozi wa M1 ni 1, na kazi yake ni kufuta kila kilicho chini yake kwenye safu ya kwanza. M2 ina 2, basi tunatoa M1 mara mbili. M3 ina 3, basi tunatoa M1 mara tatu.

```
M2 − 2·M1:  0  1  1 |  6
M3 − 3·M1:  0  1  2 |  8
```

Hesabu ya mstari wa pili tuifanye polepole mara moja: 2 − 2 ni 0, 5 − 4 ni 1, 3 − 2 ni 1, na upande wa kulia 32 − 26 ni 6. Ile namba ya kulia ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Mtu anafuta vizuri kushoto kisha ananakili 32 vilevile. Kistari kile hakizuii kitu. Mstari unakwenda mzima, kushoto na kulia.

Sasa M1 imemaliza kazi, iache. Kiongozi wa M2 ni 1 kwenye safu ya pili, naye anafuta kilicho chini yake: M3 kutoa M2.

```
1  2  1 | 13
0  1  1 |  6
0  0  1 |  2
```

Hili ndilo umbo la ngazi. Kiongozi wa kila mstari yuko kulia zaidi ya kiongozi wa mstari ulio juu yake, na chini ya kila kiongozi ni sifuri tupu. Ungekuwapo mstari wa sifuri mtupu, ungekaa chini kabisa.

Soma kuanzia chini. Mstari wa tatu unasema z = 2. Wa pili unasema y + z = 6, basi y = 4. Wa kwanza unasema x + 2y + z = 13, basi x = 13 − 8 − 2 = 3. Mchele ni 3,000 kwa kilo, maharage 4,000, unga 2,000. Kujihakiki rudi kwenye risiti zenyewe, si kwenye mistari uliyoitengeneza mwenyewe: risiti ya tatu ni 9 + 28 + 10, ambayo ni 47. Imekaa.

Risiti ya tatu ikibadilika

Sasa tuseme risiti ya tatu ilikuwa na unga kilo 4 badala ya 5, na jumla yake 45. Hatua ni zilezile. M3 − 3·M1 inatoa 0, 1, 1 | 6, ambayo ni M2 mpya ileile. Ukitoa M2 unabaki na hiki:

```
1  2  1 | 13
0  1  1 |  6
0  0  0 |  0
```

Mstari wa mwisho unasema 0 = 0. Ni kweli, lakini hauna habari yoyote. Tumebaki na viongozi wawili, mmoja safu ya x na mwingine safu ya y. Safu ya z haina kiongozi, kwa hiyo z ni kigeu huru: ipe thamani yoyote, tuiite t. Mstari wa pili unatoa y = 6 − t. Wa kwanza unatoa x = 13 − 2(6 − t) − t, yaani x = 1 + t.

Majawabu hayana idadi, lakini hii haina maana kwamba bei yoyote inafaa. Ukichukua t = 2 unapata 3, 4, 2 kama mwanzo. Ukichukua t = 1 unapata 2, 5, 1, na risiti zote zinakubali: ya kwanza 2 + 10 + 1 = 13, ya pili 4 + 25 + 3 = 32. Ila huwezi kusema mchele ni 5, maharage ni 5 na unga ni 1. Kuna mambo ambayo risiti zimeyaamua hata hivyo: kilo ya mchele inazidi kilo ya unga kwa shilingi 1,000, na kilo moja ya maharage pamoja na moja ya unga ni 6,000. Mama anayajua hayo kwa uhakika, ingawa hajui bei hata moja. Kwa kuwa ni bei, t lazima iwe kati ya 0 na 6, lakini sharti hilo limetoka sokoni, halikutoka kwenye matriksi. Kwenye mtihani, usipoambiwa, usiliweke.

Je, aombe risiti ya nne ya namna gani ili bei zijulikane? Angalia majawabu yanavyokwenda: t ikipanda 1, mchele unapanda 1, maharage yanashuka 1, unga unapanda 1. Risiti ambayo kilo za mchele ukijumlisha na za unga zinalingana na kilo za maharage haitahisi mabadiliko hayo hata kidogo, na kwa hiyo haitasaidia. Risiti zetu zote tatu ziko hivyo: 1 + 1 ni 2, 2 + 3 ni 5, 3 + 4 ni 7. Mchele 2, maharage 3, unga 1 nayo haitaleta kitu kipya. Lakini kilo moja ya unga peke yake inamaliza kazi. Ile risiti ya tatu ya mwanzo, yenye unga 5, ilifanikiwa kwa sababu 3 + 5 ni 8, si 7.

Tubadilishe tena. Kilo ni 3, 7, 4 lakini jumla imeandikwa 46. Mstari wa mwisho unakuwa:

```
0  0  0 | 1
```

Unadai 0 = 1. Hakuna bei duniani itakayotimiza hilo, na jawabu halipo. Usiishie hapo kama una risiti mkononi, kwa sababu mstari huu unaweza kukuonyesha mgongano ulipo. Fuatilia ulivyotengenezwa: (M3 − 3·M1) − (M2 − 2·M1), ambayo ukiifungua ni M3 − M1 − M2. Yaani risiti ya tatu ina bidhaa zilezile za risiti ya kwanza na ya pili zikijumlishwa, na ilipaswa kuwa 13 + 32 = 45. Kuna shilingi 1,000 isiyoelezeka. Matriksi haikuambii ni risiti ipi iliyokosewa, inakuambia tu kwamba zote tatu haziwezi kuwa sahihi pamoja.

Mpangilio wa kuamua

Kanuni yenyewe ni fupi, lakini ina mpangilio na mpangilio huo haugeuzwi. Kwanza tafuta mstari wenye sifuri zote kushoto na namba isiyo sifuri kulia. Ukiuona, jawabu halipo, na hakuna haja ya kuendelea. Usipouona, hesabu viongozi. Wakiwa sawa na idadi ya vigeu, jawabu ni moja. Wakiwa pungufu, majawabu hayana idadi, na kila safu ya kushoto isiyo na kiongozi inatoa kigeu huru kimoja.

Nasisitiza kuhesabu viongozi kwa sababu wengi wanahesabu mistari ya sifuri. Mstari wa sifuri peke yake hauthibitishi kitu. Chukua risiti tatu za mwanzo, zile za jawabu moja, uongeze ya nne yenye 4, 9, 6 na jumla 60, ambayo ni ya kwanza na ya tatu zikiwekwa pamoja. Ukipunguza utapata mstari wa sifuri chini, lakini viongozi bado ni watatu na jawabu bado ni 3, 4, 2. Kinyume chake, ukiwa na risiti mbili za kwanza tu, hakuna mstari wa sifuri hata mmoja, na majawabu hayana idadi.

Namba ikifichwa na herufi

Maswali ya mitihani hupenda sehemu hii. Tuseme risiti ya tatu imepata mafuta: kilo za unga hazisomeki, tuziite k, na jumla haisomeki, tuiite j. Punguza kama kawaida. M3 − 3·M1 inatoa 0, 1, k − 3 | j − 39. Ukitoa M2 unapata:

```
0  0  k−4 | j−45
```

Hapa mkono unawasha kugawanya kwa k − 4 uandike z = (j − 45)/(k − 4). Subiri. Kugawanya kwa kitu ambacho huenda ni sifuri si kimojawapo cha yale matatu yaliyoruhusiwa. Uliza kwanza: je, k ni 4? Kama si 4, kiongozi yupo, jawabu ni moja, na sasa unaweza kugawanya. Kama ni 4, tazama kulia: j ikiwa 45 majawabu hayana idadi, j ikiwa kitu kingine jawabu halipo.

Mara nyingi herufi ni moja lakini inatokea pande zote mbili. Jaribu hii:

```
1  2   −1   |  3
2  5    1   |  8
1  3  k²−7  | k+2
```

M2 − 2·M1 inatoa 0, 1, 3 | 2. M3 − M1 inatoa 0, 1, k² − 6 | k − 1. Toa moja kutoka nyingine, mstari wa mwisho ni 0, 0, k² − 9 | k − 3. Kushoto kunakuwa sifuri k ikiwa 3 au −3, na kila moja inajaribiwa peke yake. k = 3 inatoa 0 = 0, majawabu hayana idadi: z = t, y = 2 − 3t, x = −1 + 7t. k = −3 inatoa 0 = −6, jawabu halipo. Kwa k nyingine yoyote jawabu ni moja, na z = 1/(k + 3). Mwanafunzi anayefuta k − 3 juu na chini mapema atafika palepale kwenye 1/(k + 3), ataona −3 tu kuwa na tatizo, na ile 3 yenye majawabu yasiyo na idadi itampita bila kuonekana.

Herufi ikikaa kwenye nafasi ya kiongozi wa kwanza, hatari inahamia kwenye kuzidisha. Angalia hii ndogo:

```
k  1 | 1
1  k | 1
```

Wengi hufanya k·M2 − M1 waiweke mahali pa M2, na wanapata 0, k² − 1 | k − 1. Inaonekana safi. Lakini jaribu k = 0: mistari inakuwa 0, 1 | 1 na 0, −1 | −1. Yote miwili inasema y = 1, na x imepotea. Utaandika majawabu hayana idadi, wakati matriksi ya mwanzo kwa k = 0 inasema wazi x = 1 na y = 1. Kilichotokea ni kwamba M2 ilizidishwa kwa sifuri, na habari yake ikafutika. Dawa ni kubadilishana mistari kwanza ili 1 iwe juu, kisha M2 − k·M1:

```
1    k   |  1
0  1−k²  | 1−k
```

Hapa hakuna kilichozidishwa kwa herufi isipokuwa kigawe kinachotolewa, na hilo linaruhusiwa hata k ikiwa sifuri. k = 1 inatoa majawabu yasiyo na idadi, k = −1 inatoa 0 = 2 na jawabu halipo, na kwingineko kote, pamoja na k = 0, x na y zote ni 1/(1 + k).

Kikokotoo na desimali

Kuna kosa moja zaidi, nalo linaingia kwa mtu mwangalifu kabisa aliyekata desimali mapema. Tuseme mistari ni 3, 6 | 21 na 7, 14 | 49. Kigawe cha kutolea ni 7/3, na kikokotoo kinaonyesha 2.333… Ukichukua 2.33, basi 14 − 2.33 × 6 ni 0.02, na 49 − 2.33 × 21 ni 0.07. Unagawanya, unapata y = 3.5 na x = 0, unarudisha kwenye milinganyo yote miwili na inakubali. Kila kitu kinaonekana sawa. Ila jawabu hilo ni moja tu kati ya yasiyo na idadi, na ile 0.02 ilipaswa kuwa sifuri kamili.

Kujihakiki kwa kurudisha jawabu hakuwezi kulikamata kosa hili, kwa kuwa jawabu lenyewe si la uongo. Kilicho cha uongo ni upekee wake. Kwa hiyo baki na namba kamili: badala ya M2 − (7/3)·M1 fanya 3·M2 − 7·M1, upate 0, 0 | 0. 3 si sifuri, hivyo inaruhusiwa. Ukilazimika kutumia desimali, kiongozi yeyote mdogo ajabu kuliko namba ulizoanza nazo mtilie shaka, urudie mstari wake kwa sehemu kamili kabla hujaamua chochote.